Mwenzako Akinyolewa: Je, Filamu za Kupigana Huwafanya Watoto Kuwa Wakali?

Juzi baada ya isha tulikuwa barazani, na kama kawaida ya siku hizi mazungumzo yakaangukia vijana wa panga. Mzee mmoja, ambaye sote twamheshimu, akasema dawa ni moja tu: zipigwe marufuku hizi filamu za kukatana na hizi gemu za bunduki, kwa sababu humo ndimo watoto wanamojifunza. Kijana wa pembeni akamjibu kwa adabu, "Lakini shekhe, nyinyi mlikua na Bruce Lee na Rambo, mkitoka video mwapigana mateke hadi nyumbani. Mbona hamkumkata mtu?" Watu wakacheka, na mzee naye akacheka, kisha kila mmoja akabaki na lake.

Mimi nilirudi nyumbani na swali hilo kichwani, maana niliposoma diploma yangu ya ualimu tulifundishwa jambo hili kwa kirefu, na niliona barazani kwamba pande zote mbili zilikuwa na nusu ya ukweli. Nusu hizo mbili hazitoki mahali pamoja. Moja yahusu jinsi mtoto anavyojifunza kitu, na nyingine yahusu nini humfanya akitende. Watu wengi huzichanganya.

Nianze na kisa cha nyumbani. Dadangu ana mtoto wa miaka 6. Siku moja alitazama filamu na binamu zake wakubwa, ambamo jamaa mmoja anamshika mwenzake shingo kutoka nyuma na kumwangusha kwa kumpiga ngwala. Siku hiyo hakufanya lolote. Kesho yake pia hakufanya lolote, na mama yake akashukuru kwamba hakikumwingia. Ilipita kama wiki tatu. Mtoto wa jirani akamchukulia baiskeli, na kijana wetu akamjia kutoka nyuma, mkono shingoni, ngwala, chini. Vilevile kabisa, hata ule mguno alioutoa yule jamaa wa filamu. Dadangu aliniuliza, "Kaka, hili alijifunza lini?" Jibu ni kwamba alijifunza siku ileile alipotazama, ila hakuwa na sababu ya kulitumia.

Aliyelithibitisha jambo hili kwa majaribio ni Albert Bandura, mtu wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Mundare, akaishi akifundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, na akafariki mwaka 2021. Wakati wake wataalamu wengi wa Marekani waliamini kwamba mtu hujifunza kwa kufanya mwenyewe na kulipwa au kuadhibiwa mwenyewe, kama mbwa anayefunzwa kwa kipande cha nyama. Bandura hakuridhika. Alijua, kama ajuavyo mama yeyote anayesonga ugali huku bintiye amesimama mlangoni, kwamba binadamu hujifunza mambo mengi kwa macho tu.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili, Dorothea Ross na Sheila Ross, walichukua watoto 72 wa shule ya chekechea ya chuo hicho, wavulana 36 na wasichana 36, wenye umri wa miaka 3 hadi karibu 6. Mtoto aliingizwa chumbani peke yake, akakalishwa kona moja na vifaa vya kuchora na kubandika picha. Kona ya pili alikaa mtu mzima, na mbele yake palikuwa na nyundo ya mti na mwanasesere wa kupuliza hewa, mrefu karibu kama mtu, aliyechorwa kama mchekeshaji wa sarakasi. Aliitwa Bobo. Chini ana uzito, kwa hivyo ukimwangusha huinuka tena mwenyewe.

Watoto 24 walimwona mtu mzima akimwacha Bobo, akicheza na vitu vingine kimyakimya. Wengine 24 walimwona akimlaza Bobo chini, akimkalia, akimpiga ngumi za pua, akimgonga kichwani kwa nyundo, akimrusha juu na kumpiga mateke chumba kizima, huku akitamka maneno ya ajabu ajabu. Waliobaki 24 hawakuonyeshwa mtu yeyote. Halafu kila mtoto alipelekwa chumba chenye magari ya zimamoto, ndege na wanasesere wazuri, akaachwa acheze kama dakika mbili, kisha akaambiwa hivyo vimewekewa watoto wengine. Hapo alikusudiwa kuudhiwa. Ndipo akaingizwa chumba cha tatu, ambamo mna Bobo mdogo, nyundo na bunduki za kuchezea, lakini pia vikombe vya chai, rangi za kuchorea, magari na wanyama wa plastiki. Wachunguzi walimtazama dakika 20 kupitia kioo ambacho yeye hawezi kuona upande wa pili, wakaandika kila sekunde 5 anafanya nini.

Waliomwona mtu mzima akimpiga Bobo walimpiga Bobo. Na hawakumpiga kiholela: walimpiga kwa mtindo uleule, wakatamka maneno yaleyale. Katika makundi mengine mawili, wengi hawakuufanya mtindo ule hata mara moja. Wavulana walipiga zaidi ya wasichana. Miaka miwili baadaye Bandura alirudia jaribio akitumia filamu badala ya mtu aliye mbele ya mtoto, na hata katuni ya mtu aliyevaa kama paka. Matokeo yakafanana. Kwa hivyo kioo cha televisheni hakikumzuia mtoto kujifunza.

Hayo ndiyo watu huyataja sana, na ndiyo mzee wetu angeyataka. Lakini jaribio ambalo mimi naliona kubwa zaidi ni la mwaka 1965, ambalo husimuliwa kidogo.

Safari hii watoto walikuwa 66, nusu wavulana na nusu wasichana, na wote walitazama filamu fupi ya kama dakika 5 katika televisheni. Mtu mzima anamwendea Bobo, anamwamrisha apishe njia, Bobo hapishi, naye anampiga kwa namna nne za kipekee, kila moja na neno lake. Mpaka hapo wote wameona kitu kimoja. Tofauti ilikuwa katika mwisho wa filamu. Kundi la kwanza liliona mtu wa pili akiingia na soda na peremende, akimsifu yule mpigaji kuwa bingwa na kumlisha vitamu. Kundi la pili liliona mtu huyo wa pili akiingia na kumkemea mpigaji kwa kumwonea Bobo, akamchapa kwa jarida lililokunjwa hadi akakimbia. Kundi la tatu halikuona mwisho wowote. Mpigaji alipiga, filamu ikaisha.

Kisha kila mtoto aliachwa chumbani na Bobo dakika 10. Waliomwona mpigaji akichapwa waliiga kidogo kuliko makundi mengine mawili, na tofauti ilionekana zaidi kwa wasichana. Sasa tazama: mtoto huyu hajapigwa yeye. Hakuna aliyemkemea. Aliona tu mwenzake akikipata, naye akajizuia. Sisi tumekuwa tukisema siku nyingi kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Bandura alipima hasa kama mtoto wa miaka minne hutia maji, na akakuta hutia. Na upande wa pili upo pia: ukimwona mwenzako akipewa soda kwa kupiga, ni kama umeonjeshwa soda hiyo wewe. Wataalamu huiita tuzo ya kupitia kwa mwingine, na ndiyo hufanya kijana amtazame jambazi mwenye gari na mikufu akahisi kwamba njia ile yalipa, ingawa yeye mwenyewe hajapata hata senti.

Bandura hakuishia hapo. Baada ya zile dakika 10 msaidizi aliingia na juisi na picha za kubandika, akamwambia kila mtoto: nionyeshe yule mtu alifanya nini katika filamu, na kila utakachokumbuka nitakupa. Na hapo tofauti zote zikafutika. Wale waliomwona mpigaji akichapwa, ambao dakika chache kabla walikuwa wametulia kama maji ya mtungini, walionyesha mengi zaidi, sawa na wale waliomwona akilishwa peremende. Hata pengo kubwa kati ya wavulana na wasichana likakaribia kuisha. Wasichana walikuwa wanajua tangu mwanzo. Walikuwa hawaoni faida ya kuonyesha.

Ndiyo maana dadangu alikosea kushukuru mapema. Adhabu ambayo mtoto anaiona kwa mwingine haifuti alichojifunza. Hukifunika. Kikija kitu cha kukifunua, kama baiskeli iliyochukuliwa au kundi la rafiki wanaomsifu, kitatoka kikiwa kizima. Na jambo hili lina uzito kwa filamu zetu, kwa sababu wengi hujitetea kwamba mwishoni jambazi hukamatwa au huuawa. Kwanza, aliyepiga watu wengi zaidi katika filamu hizo si jambazi, ni nyota mwenyewe, naye mwishoni hupewa bibi arusi na makofi. Pili, mtoto mdogo hawezi vizuri kuunganisha kosa la mwanzo wa filamu na adhabu inayokuja saa moja na nusu baadaye, pengine katikati kumepita matangazo ya sabuni na amekwisha kwenda jikoni mara mbili. Kwake yeye kosa lilikuwa tamu na adhabu ni hadithi nyingine.

Basi mzee wetu ameshinda? Hapana, na hapa yule kijana naye apewe haki yake.

Bobo ni kitu gani? Ni mwanasesere aliyetengenezwa apigwe. Ukimpiga huinuka, na hilo ndilo raha yake. Hajui uchungu, halii, hatoki damu. Wakosoaji wa Bandura wamesema kwamba mtoto aliyempiga Bobo pengine hakuwa na ukali wowote. Alikuwa akicheza na mchezo mpya kwa namna aliyoonyeshwa na mtu mzima, tena akidhani ndivyo anavyotakiwa afanye. Mwaka 1970 watafiti wawili Waingereza walionyesha kwamba watoto waliokwisha kucheza na Bobo kabla ya jaribio waliiga kidogo sana kuliko wale waliomwona mara ya kwanza. Na majaribio yale yalipima dakika chache tu baada ya kutazama. Kutoka kumgonga mpira wa hewa chumbani hadi kumkata Muislamu mwenzio kichochoroni ni safari ndefu, na jaribio la Bobo halina ramani ya safari hiyo. Bandura alithibitisha kwamba mtoto huweza kujifunza namna ya kupiga kwa kutazama. Kwamba kutazama kutamfanya awe mpigaji wa watu, hilo ni dai jingine.

Waliojaribu kulifuata dai hilo la pili walilazimika kungoja miaka. Leonard Eron na Rowell Huesmann waliwafuatilia watoto wa Kaunti ya Columbia, jimbo la New York. Mwaka 1960 walichunguza watoto 856 wa darasa la tatu, na baada ya miaka 10 wakawapata karibu nusu yao. Wavulana waliopenda vipindi vya kupigana wakiwa na miaka 8 walielekea kutajwa na wenzao kuwa wakali wakiwa na miaka 19. Kwa wasichana hawakulikuta. Utafiti huu ulitikisa watu, lakini una shimo lake. Mtoto hapendi filamu za kupigana bure tu. Pengine nyumbani kwake kuna ngumi, au baba hayupo, au mtaa wenyewe ni mkali, na hicho kitu cha tatu ndicho kilichompeleka kwenye filamu na kwenye ukali kwa pamoja. Watafiti hujaribu kuvipima vitu hivi na kuvitoa kwenye hesabu, na kila wanapovitoa, uhusiano hupungua. Ubishi ni kama hubaki kitu cha maana au la.

Mimi hupenda zaidi kulinganisha sehemu mbili ambazo televisheni ilifika kwa kuchelewa, kwa sababu hapo ni kama maumbile yenyewe yalifanya jaribio. Ya kwanza ni mji mdogo wa Kanada ambao watafiti waliuficha jina wakauita Notel. Ulikuwa bondeni, mawimbi ya televisheni hayafiki, hadi yakafikishwa mwishoni mwa mwaka 1973. Tannis MacBeth Williams na wenzake waliwahi kuwatazama watoto wakicheza uwanja wa shule kabla, wakarudi miaka miwili baadaye. Kupigana na kutukanana kulikuwa kumeongezeka, wakati katika miji miwili ya kulinganishia, iliyokuwa na televisheni tangu zamani, hakukuongezeka hivyo.

Ya pili ni Saint Helena, kisiwa cha Waingereza katikati ya bahari ya Atlantiki, kile ambacho Napoleoni alifungwa hadi akafa. Televisheni kwa setilaiti ilifika huko mwaka 1995. Tony Charlton, mtafiti kutoka Uingereza, alikuwa ameweka kamera katika viwanja vya shule kabla haijafika, akawarekodi watoto wakicheza, kisha akarudia miaka mitano baadaye. Vipindi vyenye kupigana vilikuwapo. Lakini tabia za watoto uwanjani hazikuharibika. Walibaki watulivu takriban kama mwanzo.

Televisheni moja, watoto wale wale wa binadamu, na matokeo mawili. Charlton alieleza kwamba Saint Helena ni mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Mtoto akifanya utundu barabarani, habari hutangulia kufika nyumbani. Mkazi yeyote wa Lamu au Pate anaelewa maana yake bila kuelezwa, au tuseme mkazi wa Lamu ya zamani, kwa sababu hata huko mambo yanabadilika. Ukiirudisha kwa Bandura yaeleweka vyema: watoto wa kisiwani walijifunza mateke ya televisheni kama wengine wote, ila kila siku waliona kwa macho yao kwamba pale kisiwani mateke hayaleti soda.

Wataalamu wa leo bado hawajapatana. Craig Anderson na Brad Bushman, Wamarekani wote wawili, wamejumlisha mamia ya tafiti na kusema athari ipo, si kubwa lakini ni ya kweli. Mwenzao Christopher Ferguson ajibu kwamba ukichuja tafiti dhaifu, kinachobaki ni kidogo mno. Sehemu ya ugomvi wao ni vipimo. Katika maabara huwezi kumpa mtu panga, kwa hivyo mpimwa hucheza gemu kisha huambiwa achague sauti ya kelele ya kumpigia mpinzani masikioni, kubwa au ndogo, ndefu au fupi. Akichagua kubwa kidogo huandikwa ameongezeka ukali. Mimi nina rafiki anayefungulia redio ya matatu hadi madirisha yatetemeke, na ni mtu mpole kupita kiasi.

Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa upande wa wanaoonya, mwaka 2020 kilitoa tamko linalotenganisha mambo mawili. Kilisema kuna uhusiano mdogo kati ya gemu za kupigana na ukali wa aina ya kupiga kelele na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzilaumu kwa vurugu kubwa kama mauaji ya risasi. Kwa hivyo mtu akisema "imethibitishwa" muulize: imethibitishwa kusukumana, au imethibitishwa panga? Na akisema "hakuna lolote" muulize swali hilohilo.

Kwa mawazo yangu, wale wavulana wa panga hawakuanzia kwenye filamu. Filamu inaweza kuwa imewaonyesha namna ya kuvaa, kutembea na kushika silaha. Lakini tuzo waliiona mtaani, kwa kaka wa miaka 19 aliyekuja na simu mpya na kila mtu akampisha njia, na hakuna aliyemnyoa hata tukaona. Bodi ya Uainishaji wa Filamu inaweza kuandika 18 juu ya kila kasha, na naunga mkono iandike, lakini yule kaka wa mtaani hana alama yoyote usoni.

Na isidhaniwe kwamba njia hii hupitisha ubaya peke yake. Watu wa makamo wanaosikiliza redio ya ng'ambo ya mpaka watakumbuka mchezo wa Twende na Wakati ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Ulitungwa kwa kufuata fikra za Bandura zilizopitia kwa Miguel Sabido, mtunzi wa tamthilia za televisheni huko Meksiko. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alisikika akifurahia maisha, kisha akasikika akiugua ukimwi. Hakuhubiriwa mtu. Kwa miaka miwili mchezo haukurushwa Dodoma, makusudi, ili palinganishwe na sehemu nyingine, na watafiti walikuta sehemu zilizosikia mchezo zikibadilika zaidi katika uzazi wa mpango na kujikinga. Mkwaju alinyolewa, watu wakatia maji.

Jumapili iliyopita nilimfanyia mpwa wangu jaribio la tatu la Bandura, bila ya mama yake kujua. Nilimwonyesha paketi ya mabuyu nikamwambia, "Nionyeshe yote aliyofanya yule mtu wa filamu, kila moja buyu moja." Alinitazama kwanza kuona kama namtega. Kisha akasimama katikati ya sebule akaonyesha ngwala, na kabari, na kiwiko cha nyuma, na namna ya kumvuta mtu kwa kola, na nyingine mbili ambazo hapa nyumbani hatujawahi kumwona akizifanya. Mabuyu sita. Nilipogeuka, dada yake wa miaka mitatu alikuwa amekaa kizingitini, kimya, macho yako kwenye ile paketi.